Kitu Ambacho Panga Halikikati

Asubuhi ile nilitoka Tabora mjini bila kujua ninakwenda wapi. Nilifunga jiwe langu la kunolea kwenye baiskeli, nikasimama njia panda, na lori la kwanza kusimama lilikuwa la kwenda Nzega. Lingekuwa la Kwihara, ningekwenda Kwihara. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la tano. Dereva akasema nafasi ipo juu ya magunia, nikapanda na baiskeli yangu.

Kule juu moyo ulinidunda kwa furaha. Jana yake nilikuwa nimenoa visu vya mama mmoja wa Kihindi, mjane mwenye duka la vitambaa. Nilimkuta anasoma, nikamuuliza anasoma nini, maana sijui kupita kitu bila kukiuliza. Akanieleza ni kitabu cha dini yake, mazungumzo ya uwanja wa vita, kati ya shujaa na mwendesha gari lake la farasi, na maneno yaliyosomwa siku mwili wa mumewe ulipochomwa: roho, silaha haziikati, moto hauiunguzi, maji hayailoweshi, upepo hauikaushi.

"Fundi, umenoa miaka mingapi?" aliniuliza.

"Kumi na miwili, mama."

"Basi kuna kitu jiwe lako halijakifikia bado." Akacheka.

Nililirudia fungu lile njia nzima, kwa sauti. Lori liliposimama Puge nikashuka, kwa sababu tu sikuwahi kushuka Puge.

Mchana nikaiegemeza baiskeli kwenye stendi yake, nikaanza kukanyaga pedali na jiwe likazunguka. Akaja mtu mpana wa mabega, mmoja wa walinzi wa kijiji, na panga lake. Wezi walikuwa wamechukua ng'ombe alfajiri, na walinzi walikuwa wakijikusanya kufuata nyayo. Mkewe alikuja nyuma yake.

Nilipomaliza, panga lilinyoa vinyweleo. Nikajisifu: "Kali hivi, lakini kuna kitu halikikati!" Nikamsomea fungu lote kwa kichwa.

Macho yake yakawaka. "Nifundishe." Akalishika mara moja, bila kukosea neno. Kisha akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono na kunirudishia panga. "Haya, kata tuone."

"Wewe, una wazimu?"

"Si umesema haikatwi? Yakiwa kweli, mimi natangulia mbele, peke yangu. Wenzangu watanikuta nimekwisha wakamata."

"Kata, fundi! Msukuma huyu ngozi yake ya kiboko!" akapiga kelele mmoja, na watu wakasogea wakicheka. Mkewe hakucheka. Ndipo nilipoona nilichofanya: nimempa mtu maneno bila habari yake, naye ameyavaa kama hirizi.

Nikalishusha panga chini. "Kaka, sikiliza yalipotoka. Majeshi mawili yamepangana. Shujaa anamwambia mwendesha gari lake la farasi, nipeleke katikati niwaone. Anaona nani? Babu yake, waalimu wake, wajomba, ndugu zake. Mdomo unakauka, ngozi inawaka, upinde unamtoka mkononi. Anasema, sipigani."

Kelele zikapungua.

"Mwendesha gari ndipo anamwambia: aliyemo ndani hakuzaliwa wala hafi. Mwili anauvua kama mtu avuavyo nguo kuukuu na kuvaa nyingine. Silaha haziikati hiyo, moto hauiunguzi. Kwa hiyo usiililie. Sasa nijibu: kama ngozi yao isingekatika, shujaa angelia nini?"

Mtu yule aliutazama mkono wake. "Kwa hiyo mkono huu…"

"Huu ni nguo. Unachanika."

"Na mwizi naye anayo hiyo ya ndani?" mkewe akauliza kwa mara ya kwanza.

"Anayo, shemeji. Ileile." Sikuwaficha mengine: mwendesha gari alimwambia shujaa asimame apigane, kwani vita vile vilikuwa wajibu wake. "Lakini hakumwambia hatachomwa mkuki."

Yule wa kelele akatania kwamba dawa imekwisha nguvu kabla ya kuchanjwa. Mtu yule akaushusha mkono wa shati polepole, kunjo kwa kunjo. "Basi nitangulie peke yangu kwa nini? Nawasubiri wenzangu."

Mkewe akashusha pumzi kwa nguvu hata nikaisikia.

Akachukua panga lake, akanigeukia. "Wewe, umefikia wapi?"

"Sijafikia popote, kaka."

"Basi unalala kwangu. Nikirudi unisimulie yote, kuanzia pale upinde ulipomtoka."

"Na usiporudi mzima," mkewe akamwambia, akinionyesha kwa kidole, "huyu ndiye atakayenijibu." Kisha akaishika baiskeli yangu usukani, akaikokota mwenyewe hadi kwenye chumba cha uani, akanitolea mkeka.