Sura ya Pili, Mara ya Tatu

Nilipofika Tabora nilikusudia kulala siku mbili tatu, kisha nipande treni ya Kigoma nikauone mwisho wa reli. Nilikaa kiangazi kizima. Kilichonikalisha ni sura ya pili ya andiko la mtu mwingine.

Shule niliiacha darasa la sita. Nilishakuwa utingo wa lori la pamba Nzega, nimebeba magunia, nimelinda duka. Kupiga chapa nilijifunza huko huko Nzega kwa fundi mmoja wa Kihindi wa mashine za kuandikia, ambaye sasa alikuwa amehamia Tabora, nyuma ya duka la vitambaa; nilifikia kwake, na hapo ndipo aliponikuta mwalimu mmoja aliyetafuta mpiga chapa. Alikuwa mwanamke wa mjini, wa ukoo wa Kiarabu uliofanya biashara tangu enzi za misafara, akifundisha sekondari. Chuo kikuu kilikuwa tayari kumpa nafasi ya kusoma shahada ya pili, mradi andiko lake la kupendekeza utafiti likubaliwe kabla likizo yake haijaisha. Lisipokubaliwa, anarudi kushika chaki na nafasi anapewa mwingine.

Sura ya kwanza ilikuwa nzuri, hata mimi niliielewa, ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza kwenye kamusi. Alikuwa amekaa likizo mbili kwenye kijiji kipya cha ujamaa karibu na Ipole. Huko aliona jambo lililomkosesha usingizi. Tumbaku ya shamba la pamoja ilipodai mikono mingi, kaya fulani zililiacha shamba zikaenda porini kwenye mizinga ya asali. Majirani zao, waliofundishwa na bwana shamba yule yule, wenye ardhi ile ile, walibaki. Kwa nini hawa na si wale? Hilo ndilo lilikuwa swali.

Sura ya pili ndiyo iliyotutesa. Hapo alitakiwa achague nadharia atakayolitazamia swali lake, aseme kwa nini hiyo na si nyingine.

Kwanza alichagua nadharia ya matabaka. Dar es Salaam wakati ule kila msomi alizungumza matabaka, naye hakutaka aonekane wa bara. Nilipiga chapa kurasa kumi na moja za wanyonyaji na wanyonywaji. Nilipomaliza akarudi na sura ya kwanza, ameikatakata kwa kalamu. Swali sasa lilikuwa unyonyaji vijijini.

"Na wale wa asali?" nikauliza.

"Wamo humo humo. Wewe piga."

Nakala moja aliituma kwa msimamizi wake chuoni Dar es Salaam; wiki mbili baadaye akaichana iliyobaki. Akaleta nadharia nyingine, ile inayoeleza jinsi mbinu mpya za kilimo zinavyoenea, nani anazipokea mapema, nani anachelewa. Kurasa kumi na nne. Na sura ya kwanza nayo ikabadilika tena, swali likawa wakulima wasiopokea elimu ya tumbaku.

"Mwalimu, si ulisema wote walifundishwa?"

"Nani mwanafunzi wa chuo hapa, mimi au wewe?"

"Hakuna hata mmoja wetu, kwa sasa."

Alicheka bila kutaka, kisha akanuna hadi jioni. Mimi nilikuwa nimechoka. Utepe wa mashine ulikuwa umefifia na vidole vyangu vilinuka kaboni. Nikamwambia aweke nadharia zote mbili, na ya tatu kama anayo, wenyewe Dar wachague.

"Ya kwanza inasema watu wanagombana kwa sababu ya mali," akasema. "Ya pili inasema hawagombani, wanachelewa kujua tu. Nikiziweka pamoja nitakuwa nimesema nini?"

"Kwamba umesoma sana."

"Ndiyo. Hilo tu, basi."

Ndipo msimamizi wake alipomtumia salamu kwamba anapita Tabora kwenda Mwanza. Treni ya kutoka Dar ilisimama hapa kwa muda mrefu, mabehewa ya Mwanza yakikatwa yaunganishwe upande mmoja na ya Kigoma upande mwingine. Wakati huo huo wa kukata mabehewa ndio aliompa. Asiporidhika, ataishauri idara nafasi apewe mwingine.

Nilienda na mwalimu stesheni. Nilikwenda na fungu langu la nguo pia, maana nilikuwa nimeapa kwamba treni hiyo hainiachi.

Msimamizi alishuka behewani na viatu vya vumbi, mzee mwembamba mwenye haraka.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Keti." Wakakaa kwenye benchi, mimi nikakaa ncha ya pili. Akafungua kurasa, akasoma kidogo, akarudi mwanzo, akasoma tena. Injini ikagonga behewa huko mbele, benchi likatikisika.

"Uliponijia mara ya kwanza ulinieleza habari za watu wa asali. Wako wapi?"

Mwalimu akamsogezea ukurasa wa nadharia.

"Umechagua kiatu kizuri dukani," akasema mzee, "kisha ukakata mguu. Na mwezi uliopita ulikata kwa ajili ya kiatu kingine. Nikifunika jina la nadharia hii, swali lako linakuhitaji wewe uende Ipole? Au mtu yeyote anaweza kulijibu akiwa maktaba?"

"Anaweza kulijibu maktaba."

"Basi tuache kupotezeana muda."

Alikuwa anazikunja karatasi. Nilimtazama mwalimu, nikaona amekasirika kweli kweli, na si mzee aliyemkasirikia, ni nafsi yake.

"Matabaka hayanisaidii," akasema. "Pale kijijini hakuna anayemwajiri mwenzake, ardhi ni sawa. Huenda kesho yawepo, lakini leo hayaelezi kwa nini huyu aondoke jirani abaki. Na ile ya uenezi inaanzia kwenye kutojua. Hawa wanajua. Wanapanda tumbaku vizuri, kisha wanaiacha."

"Endelea."

"Iko ile ya kaya ya mkulima. Kwamba kaya inapima midomo ya kulisha na mikono ya kufanya kazi, na adha ya kazi yenyewe. Hiyo inatazama kaya, na swali langu liko kati ya kaya na kaya."

"Kwa nini hukuiandika?"

"Niliona ya kizamani. Watanicheka."

Mzee akavua miwani. "Ukifika huko, utaona nini kitakachokuambia kwamba nadharia hiyo imekosea?"

Alifikiri. Kipenga kililia, si cha treni yetu. "Nikikuta kaya zenye midomo na mikono sawasawa, moja porini na nyingine shambani, itakuwa imekosea, au haitoshi."

"Na upofu wake?"

"Inaichukulia kaya kama mtu mmoja. Asali ni ya mume. Mke hana sauti kwenye fedha yake. Itabidi niwaulize kila mmoja peke yake, na niseme hivyo mapema kwenye andiko."

"Hayo ndiyo uyaandike. Hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Na swali lako la kwanza ulirudishe kama lilivyokuwa." Akasimama, akapangusa suruali. "Idara nitaiambia isubiri. Nikirudi kutoka Mwanza nalikuta tayari hapa stesheni, ama silioni tena."

Akapanda behewa lake. Mwalimu akabaki amekumbatia karatasi, kisha akanigeukia.

"Umesikia yote?"

"Nimesikia."

"Basi nikumbushe nilivyosema kuhusu midomo, kabla sijasahau."

Mabehewa ya Kigoma yalikuwa yameshaunganishwa. Niliyatazama yakiondoka, dirisha baada ya dirisha, na fungu langu miguuni. Miezi yote ile jibu alikuwa nalo mdomoni, na mimi nimeshapiga chapa kurasa ishirini na tano za visivyo jibu.

Andiko lilikubaliwa. Treni ya Kigoma niliipanda baadaye sana, na nilipoketi nikajikuta bado naichokoa kaboni iliyonasa chini ya ukucha.