Tanbihi ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ofisini tulimwita Mkasi, na jina alilipenda. Miaka tisa mfululizo amekuwa akichukua ripoti ya mauzo ya robo mwaka, kurasa sitini na kitu za majedwali, na kuwatolea wakubwa slaidi tano. Kila slaidi ina hoja moja, na kichwa chake ni sentensi inayojitosheleza. Maandishi madogo alikuwa hataki hata kuyasikia. Alisema bosi akianza kukodoa macho, umeshampoteza.

Robo hii tawi la kaskazini lilionekana kushuka kwa asilimia thelathini na moja. Kwenye jedwali kulikuwa na tanbihi: mteja mkubwa wa tawi lile alihamishiwa makao makuu katika mwezi wa pili wa robo hiyo, kwa hiyo mauzo yake yakahesabiwa huku kwetu. Ukimwondoa, tawi lilikuwa limekua kwa asilimia nne. Mkasi aliijua tanbihi hiyo vizuri. Mdogo wake ndiye mtunza stoo wa kule, na alikuwa amempigia kumkumbusha.

Nilimwambia aiweke. Akanicheka, akasema slaidi ya nne imeshajaa, hilo atalieleza kwa mdomo. Sikulipenda, lakini mimi ni nani? Kazi yangu ni kuwasha projekta.

Slaidi zilitumwa kwa wakubwa siku moja kabla ya mkutano. Asubuhi waliingia mkutanoni, na hakuna aliyegusa chai. Projekta yangu ilikuwa haijapata hata moto mkurugenzi mkuu aliponiashiria niizime. Alisema wote wameshasoma, slaidi safi kama kawaida, na kwamba wamekubaliana kulifunga tawi la kaskazini.

Mkasi akasimama. Alieleza habari ya yule mteja, akataja na ukurasa. Mkurugenzi alimsikiliza kwa adabu, akipekua zile karatasi tano mbele yake.

“Hapa iko wapi?”

“Haipo, mzee. Ipo kwenye ripoti.”

“Ingekuwa kubwa, ungeiweka. Tunakuamini kwa hilo.” Akafunga faili. “Tutaitazama robo ijayo.”

Robo ijayo tawi halitakuwepo, na kila mtu mle chumbani alilijua hilo. Hakuna aliyefungua mdomo, na mimi ni mmoja wao. Naona aibu mpaka leo.

Tulirudi mezani. Barua pepe ilikuwa imetutangulia: Mkasi aandae slaidi moja ya kuwatangazia wafanyakazi wa kaskazini, fupi, kabla ya saa nane. Akaifungua ile ya nne, akaanza kuandika tanbihi chini kwa herufi ndogo kabisa, akaifuta, akaiandika tena. Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Alikuwa mdogo wake.

“Dada, wameiona?”

Mkasi alinitazama mimi, kana kwamba nami nilikuwa na jibu fupi la kumpa.