Anwani Iliyokatika Katikati

Rukaiya Mbwana wa Mtoni, Temeke, alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika shirika la umma lililouzwa mwaka 1998. Mnunuzi alikuja na kompyuta zake na mafundi wake, na Rukaiya akarudishwa nyumbani. Mwaka mzima uliofuata aliishi kwa kuchapia watu barua na kutengeneza kompyuta zilizoharibika. Jioni aliendelea na kazi ambayo hakuna aliyemlipa: programu ya kufuatilia makontena, lini kila moja limeingia yadi, lini limetoka, limekaa siku ngapi. Aliifanya pamoja na Elinaza, mwenzake wa zamani aliyekuwa ameenda kusoma Sweden. Elinaza aliiweka kwenye kompyuta ya chuo chake, na kila mmoja alituma marekebisho yake huko kwa mtandao.

Mwishoni mwa 1999, kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, iliyoko Kurasini, ilitangaza gazetini kwamba inatafuta mwandishi wa programu. Maombi yatumwe kwa barua pepe kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa, na mwombaji aonyeshe kazi aliyowahi kuifanya. Asiye na kazi ya kuonyesha asihangaike.

Ijumaa hiyo Rukaiya alikwenda intaneti kafe ya Kinondoni akiwa na mdogo wake Salma, mwalimu wa shule ya msingi. Aliandika barua haraka, akaigeuza skrini ili Salma aisome. Salma alisoma, akarudia, akakunja uso.

"Dada, hii unamwandikia nani?"

"Afisa utumishi. Tangazo linasema Bi Benedicta."

"Yeye fundi wa kompyuta?"

"Sidhani."

"Basi mie na yeye ni sawa, na mie sijaelewa hata mstari mmoja. Hapa umesema nenda kwenye hii anwani utaona kazi yangu. Nikienda nitaona nini?"

"Utaona mafaili."

"Nikishayaona?"

Rukaiya alifuta barua yote akaanza upya. Safari hii aliandika kama anayemwelekeza mgeni nyumba:

"Nimeambatanisha anwani ya ghala tunamohifadhi programu yetu. Huhitaji kujua lugha ya kompyuta. Naomba uangalie vitu vitatu tu. Kwanza, bonyeza jina la faili linaloitwa SOMA. Limeeleza kwa Kiswahili programu inafanya nini. Pili, rudi nyuma, ubonyeze faili linaloitwa siku. Utaona orodha ya marekebisho, kila moja lina tarehe na jina la aliyelifanya. Palipoandikwa rukaiya ni mimi, palipoandikwa elinaza ni mwenzangu. Tatu, soma maneno mafupi chini ya kila tarehe. Ndiyo sababu ya rekebisho. Hesabu ya siku za kontena ni kazi yangu. Kuchapisha ankara ni kazi ya Elinaza, wala sidai kuwa yangu."

"Sasa hapo hata mie nafika," alisema Salma.

Rukaiya alibandika anwani ya ghala, akaweka na anwani yake mwenyewe ya barua pepe ili apate nakala, akatuma. Ilikuwa saa nane imepita. Nakala ilipoingia aliifungua kwa furaha tu, apate kuona barua yake inavyoonekana kwa mwingine.

Anwani ilikuwa imekatika. Ilikuwa ndefu mno, na barua pepe za siku zile zilivunja kila mstari uliozidi urefu fulani. Nusu ya kwanza ilikuwa na rangi ya buluu, tayari kubonyezwa. Nusu ya pili ilikuwa imeanguka mstari wa chini, nyeusi, maneno tu. Rukaiya alibonyeza ile ya buluu. Skrini ikaleta maandishi makubwa ya Kiingereza: ukurasa haupatikani.

"Si ataunganisha?" Salma aliuliza.

"Wewe ungeunganisha?"

Salma alitikisa kichwa.

Bi Benedicta angebonyeza, angeona hakuna kitu, na angemhesabu miongoni mwa wasio na kazi ya kuonyesha. Hata akituma anwani ileile tena, ingekatika palepale. Ilitakiwa anwani fupi. Elinaza alikuwa amemfungulia akaunti kwenye ile kompyuta ya chuo, kwa hiyo akaingia humo kutoka pale alipoketi. Mtandao ulikuwa wa polepole. Aliandika herufi, akasubiri itokee. Alitengeneza ukurasa mmoja mdogo chini ya jina lake, akaweka humo maelezo yaleyale matatu, na kila elezo akaliunganisha moja kwa moja na mahali pake ghalani. Alijaribu: ya kwanza, ikafunguka. Ya pili, ikafunguka. Ya tatu nayo.

"Tayari?" Salma alisema. "Mtumie, mtumie!"

Alikuwa ameandika "Bi Benedicta, samahani" umeme ulipokatika. Feni zilizunguka kidogo zikasimama. Kafe nzima ikaguna.

"Jenereta ipo?" Rukaiya alimuuliza mwenye kafe.

"Ipo kwa fundi, sista."

Walitoka mbio hadi kwenye kibanda cha simu ya kadi, Salma akitafuta kadi yake kwenye mkoba. Kwenye tangazo kulikuwa na namba ya ofisi. Rukaiya alipiga. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akasimama na mkonga wa simu mkononi.

"Wana laini moja," alisema. "Akiwa kwenye intaneti, simu haiingii. Anasoma maombi sasa hivi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Anasoma ya kwangu, Salma. Anabonyeza ile mbovu."

Alipiga, akakata, akapiga. Mzee aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni alianza kukohoa kwa makusudi, Salma akamgeukia, "Shikamoo baba, tuvumilie kidogo." Mara simu ikaita.

"Halo, Utumishi." Sauti ya mwanamke, imechoka.

"Shikamoo mama. Naongea na Bi Benedicta?"

"Marahaba. Ndiye. Kama ni ya kazi, mwanangu, sipokei maombi kwa simu."

"Nimeshatuma, mama. Naitwa Rukaiya Mbwana."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Wewe ndiye uliyeniambia niangalie vitu vitatu?"

"Ndiye mie."

"Barua yako nimeielewa, na leo hiyo ndiyo ya kwanza kuielewa. Lakini nimebonyeza hakuna kitu. Nimekuweka pembeni na wale wengine. Mkurugenzi anataka majina saa kumi."

"Anwani imekatika njiani, mama. Ninayo fupi. Naomba uniruhusu nikutajie, uiandike hapo kwenye kompyuta."

"Mimi siyo fundi."

"Huhitaji ufundi. Andika nitakavyokutajia, herufi moja moja."

Bi Benedicta alivuta pumzi. Kiti kikalia. "Haya."

Rukaiya alitaja, Bi Benedicta akarudia. Nukta. Kijimstari kilichoinama upande, kile kinachokaa chini ya alama ya kuuliza kwenye kibonyezo chake. Kisha wakafika penye shida: alama ndogo ya kiwimbi, ambayo lazima ikae mbele ya jina lake.

"Iko kushoto kwa namba moja, mama. Shikilia Shift ubonyeze."

"Imetoka kitu kama nyundo imelala."

Rukaiya alifumba macho. Salma alimwonyesha dirisha dogo la simu: kadi ilikuwa inaisha. Nyundo imelala. Kibodi ya Uingereza! Katika shirika lao la zamani walikuwa nazo za aina mbili, na kiwimbi hakikukaa mahali pamoja.

"Futa hiyo. Angalia kulia, karibu na kibonyezo kikubwa cha Enter. Kuna chenye alama kama uzio, mistari imepishana?"

"Kipo."

"Juu yake?"

"Juu yake kuna… eh, kiwimbi."

"Hichohicho, na Shift. Halafu rukaiya, herufi ndogo zote, bila nafasi."

"Nimeandika. Nibonyeze Enter?"

"Ukate simu kwanza, mama, uunganishe mtandao, ndipo ubonyeze. Ukikata mie sitaweza—"

Kadi ikaisha.

Mzee wa nyuma akauchukua mkonga. Rukaiya na Salma walikaa kwenye ukingo wa mtaro mbele ya duka. Hakukuwa na la kufanya. Rukaiya alirudia kichwani kila herufi aliyotaja, na kila mara aliona mahali Bi Benedicta angeweza kukosea. Umeme uliporudi, saa kumi ilikuwa imeshapita. Alirudi kafe akatuma ile barua ya pili hata hivyo.

Jumatatu hakukuwa na neno. Jumanne alipokwenda tena kafe alikuta mstari mmoja tu: aje Kurasini Alhamisi asubuhi.

Alikwenda akiwa amevaa gauni la Idi. Barabara yote ilikuwa malori, na ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya yadi. Ndani aliketi mkurugenzi, Bwana Mwishehe, mtu mnene asiyetabasamu, na pembeni yake mwanamke mwenye miwani, ambaye Rukaiya alimtambua alipoitikia tu salamu.

Bwana Mwishehe hakuzunguka. "Binti, nasikia hii programu iko Ulaya, kwa kijana anayesoma huko. Kijana anaandika, wewe unasaidia saidia. Au nakosea?"

"Tumegawana, mzee. Mie—"

"Kila aliyeingia hapa leo kaniambia kaandika yeye. Nitajuaje? Fundi wangu amesafiri."

"Lakini hilo si linaonekana," alisema Bi Benedicta.

Bwana Mwishehe aligeuka. "Linaonekana wapi?"

Bi Benedicta aliinuka, akaiunganisha kompyuta na mtandao. Modemu ikalia kelele zake ndefu, na watatu hao wakaisubiri. Rukaiya alitaka kusogea amwonyeshe, akajizuia. Bi Benedicta aliandika anwani peke yake, akakitafuta kiwimbi kulia bila kuuliza, akabonyeza.

"Hili faili ndilo linalohesabu siku. Kila rekebisho lina jina. Rukaiya, Rukaiya, Elinaza mara moja, Rukaiya tena. Hili la ankara, karibu lote Elinaza. Na ndivyo alivyoniandikia kwenye barua kabla hatujamuuliza." Aliushusha ukurasa kidogo. "Na hapa soma mwenyewe, mkurugenzi."

Bwana Mwishehe alisogeza kichwa akasoma kwa sauti: "'Siku ya kuingia ilikuwa inahesabiwa mara mbili. Kosa langu. Nimesahihisha.'" Akamtazama Rukaiya. "Mara mbili? Mteja angelipa siku ambayo hakulaza mzigo?"

"Ndiyo, mzee. Nililigundua kabla programu haijatumiwa na mtu."

"Na kosa lako ukalibandika hapo dunia nzima ilione."

"Asiyejua pametokea kosa gani atalirudia, mzee."

Bwana Mwishehe aliguna. Alimuuliza kuhusu makontena yanayotoka na kurudi siku hiyohiyo, kuhusu sikukuu, kuhusu mwaka 2000 uliokuwa unawatia watu hofu kwamba kompyuta zitakosea tarehe. Rukaiya alijibu, na mara mbili alisema hajui. Mwishowe mkurugenzi alifunga faili lake.

"Miezi mitatu ya majaribio. Unaanza Jumatatu. Huyo kijana wa Ulaya mwandikie. Kama tutaitumia programu yenu, lazima naye akubali kwa maandishi."

Bi Benedicta alimsindikiza hadi kwenye ngazi. Chini kreni ilikuwa ikishusha kontena, ikabidi aongee kwa nguvu.

"Walikuwa na anwani zao wengine pia. Nilibonyeza zote. Zilifunguka vizuri kabisa, na sikujua natazama nini."

Rukaiya alicheka, kisha machozi yakamtoka bila kutaka. Alimpa mkono kwa mikono yote miwili, akashuka kwenda kumtafutia Salma kadi mpya ya simu.