Njaa Ni Kitu Unakuwa Nacho

Nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye makao ya masista wazee, nje kidogo ya Elburgon. Niliajiriwa kufua, lakini wafanyakazi walipopungua nikawa pia naosha wagonjwa, nawalisha na kuwageuza kitandani. Shule yangu iliishia darasa la nane. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye lilitajwa sana.

Mmoja wa masista hao alitoka Ubelgiji akiwa msichana, akafundisha Kifaransa katika shule za wasichana huku kwetu mpaka akazeeka. Alipostaafu, mikono yake haikujua kukaa bure. Alasiri alikuwa anakuja jikoni, tunatoa njegere kwenye maganda, na siku moja akaamua atanifundisha. Sikumwomba. Nilidhani atachoka baada ya wiki, lakini tulienda miaka minne.

Siku ya pili aliniambia niseme kwa Kifaransa kwamba nasikia njaa. Nilikuwa nimeshajua kwamba «je suis» ni «mimi ni», na Kiingereza changu kidogo kikaniongoza: «Je suis faim.»

Aliweka bakuli chini. Kwa Kiswahili chake cha huku kwetu akaniuliza, «Wewe ni njaa?»

Nikacheka.

«Nyumbani unasemaje?»

«Niko na njaa.»

«Basi sema hivyo. Uko nayo. J'ai faim. Usipitie Uingereza kufika kwetu, ni mzunguko.»

Maneno hayo yalinifungua. Niko na kiu, j'ai soif. Niko na usingizi, j'ai sommeil. Niko na miaka arobaini na tatu, j'ai quarante-trois ans. Wasichana wake wa shule, alisema, walikuwa wanafeli hapo kila mwaka kwa sababu walianzia kwenye Kiingereza, ambacho kinasema mtu «ni» mwenye njaa na «ni» mzee wa miaka kadhaa. Mimi nilikuwa nimezaliwa na jibu mdomoni.

Si kwamba njia ilinyooka yote. Nilipomwambia niko na hasira, j'ai colère, alitikisa kichwa. Hasira kwao ni je suis en colère, unakuwa ndani yake. Haraka vilevile: je suis pressée. Na kuna mahali Kiswahili hakikunisaidia hata kidogo. Sisi tunasema «uko sawa», wao wanasema vous avez raison, yaani sababu nzuri unayo wewe. Avoir l'air ndiyo ilinisumbua kuliko zote, maana air niliijua kama hewa. Akanieleza kwamba hapo maana yake ni sura: elle a l'air fatiguée, ana sura ya uchovu. «Na kumbuka,» akasema, «sura si mtu. Anaweza kuwa na sura ya uchovu na asiwe amechoka.»

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, na aliporudi kutoka hospitali ya Nakuru, Kiingereza na Kiswahili vilikuwa vimeondoka. Kilichobaki ni Kifaransa, polepole, neno moja baada ya lingine.

Matroni wetu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye diploma, mchapakazi. Simsemi vibaya kwa kazi yake. Alikuwa amesoma Kifaransa miaka miwili sekondari, na kwa hiyo akajipa jukumu la kuzungumza na Sista, sisi wengine tukaambiwa tusimchanganye mgonjwa. Kila asubuhi nilisimama mlangoni na ndoo nikimsikia.

«Vous êtes faim?»

«Non,» Sista anajibu.

«Vous êtes froide?»

Hapo Sista aligeuza uso ukutani. Matroni alidhani anauliza kama anasikia baridi, kumbe alikuwa anamwambia kwamba ni mtu asiye na moyo. Blanketi la pili halikuletwa, na Elburgon mwezi wa saba si mahali pa kukosa blanketi.

Siku moja akajaribu akili yake kwa kumuuliza kama ana miaka themanini na sita. «Vous êtes quatre-vingt-six ans?»

«Non,» alisema Sista. Halafu kwa shida: «J'ai. J'ai.»

Matroni alisikia mgonjwa anababaika. Akaandika kwenye faili kwamba hajui umri wake, anakataa chakula, amechanganyikiwa. Nilielewa kilichokuwa kinatendeka. Yule alikuwa mwalimu miaka hamsini. Alikuwa anasahihisha.

Nilimfuata Matroni ofisini nikamweleza: shida si Sista, shida ni swali, hapo panatakiwa avoir, «kuwa na». Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia jikoni. Akasema nirudi kwenye nguo, na kwamba daktari atakuja Alhamisi kuamua kama Sista ahamishiwe kituo cha Nairobi cha waliopoteza akili, ambako milango hufungwa kwa nje.

Alhamisi nilivaa eproni safi nikaingia bila kuitwa. Daktari alikuwa anasoma faili kando ya kitanda. Nikamsalimia, nikasema naomba kumuuliza Sista maswali yale yale mbele yake.

«Huyu ni wa kufua, Daktari,» Matroni akasema.

«Ni kweli nafua,» nikasema. «Kama Sista hatanijibu, nitaenda kufua.»

Matroni aliniambia nitoke. Sikutoka. Nilijua kabisa kwamba naweza kurudi nyumbani siku hiyo bila kazi. Daktari akasema swali moja haliwezi kudhuru.

Niliinama. «Ma sœur, quel âge avez-vous?»

Alinigeukia. «J'ai... quatre-vingt-six ans.»

Daktari aliangalia ukurasa, akahesabu kutoka tarehe ya kuzaliwa. Nikaendelea. Vous avez froid? Ndiyo, baridi anayo. Vous avez faim? Hapana. «J'ai honte,» akasema, na kwa mkono wa kushoto akashika ile bibu ya plastiki tuliyokuwa tunamfunga shingoni kama mtoto. Nikamtafsiria Daktari: hakatai chakula, ana aibu ya kulishwa hivi.

Kisha Sista akamgeukia Matroni mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza.

«J'ai l'air perdue,» alisema. «Je ne suis pas perdue.»

Nilitafsiri taratibu. Ana sura ya kupotea. Hajapotea.

Daktari alichora mstari juu ya neno la Matroni, «amechanganyikiwa», akaandika lingine. Nairobi haikutajwa tena. Bibu iliondolewa, akapewa kijiko kipana cha mkono wa kushoto, na akala uji wake mwenyewe, nusu ukimwagika kwenye meza, kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa aliyobaki nayo duniani.

Mimi, jioni ya Alhamisi ile ile, nilipewa barua ya onyo kwa kuingilia kazi isiyo yangu. Ilikuwa na karatasi ya pili, ya kuomba msamaha, imeshachapwa, inangoja sahihi tu. Matroni aliniambia nikitia sahihi mambo yataisha. Nikamuuliza ni kosa gani nililofanya kwa mgonjwa. Akasema si habari ya mgonjwa, ni habari ya utaratibu.

Nilitia sahihi ile ya kwanza, kwamba nimeisoma. Ya pili niliirudisha mezani bila kuikunja.

«Una kiburi,» akaniambia.

«Ndiyo,» nikamjibu, «ninacho.» Nikaenda kumletea Sista lile blanketi la pili.