Folda Iliyofungwa na Jina Nje

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Nilikuwa mapokezi katika zahanati ndogo ya Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, mimi mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, kama wagonjwa wetu wengi. Fundi alitoka Mbarara, akaunganisha kompyuta zetu tatu kwa waya na kupanga folda. Mapokezi tuone majina na tarehe za kurudi, maabara waone vipimo vyao, daktari aone vyote. Kila kazi na paswedi yake. Mkuu wa zahanati alifurahi sana.

Lakini ndani ya folda ya daktari, ili asihangaike kutafuta, fundi alitengeneza vifolda kwa ugonjwa: Kifua Kikuu, Uzazi, VVU. Ndani yake, kila mgonjwa na folda yenye jina lake kamili. Sisi wa mapokezi hatukuweza kufungua faili hata moja. Majina ya folda, yote tuliyaona.

Na wakalimani nao walitumia paswedi ya mapokezi, eti waangalie ratiba. Wakalimani ni akina nani? Ni majirani zetu, ndio tunaosali nao. Mmoja alichungulia, akakuta ndani ya VVU jina la mjane aliyekuwa akiuza maandazi karibu na kanisa letu. Jumapili akasimama mbele ya watu na kuomba wamwombee dada yetu huyo, ana virusi. Maombi gani hayo, jamani? Kesho yake maandazi yalilala kwenye beseni, na watoto wake walitegemea beseni hilo.

Nilikwenda kwa mkuu, Munyankore mpole, mwenyeji wa eneo hilo. Akaja kwenye kompyuta ya mapokezi, akabofya folda ya mjane mbele yangu, kompyuta ikakataa, akanigeukia akitabasamu.

"Mama, unaona? Hiyo folda iko na loki. Hakuna mtu anaweza kuingia."

"Anaingia kutafuta nini," nikamwambia, "na jina na ugonjwa mmeviandika mlangoni?"

Akachukua simu. Fundi akaitwa tena. Akavunja vifolda vya magonjwa, kila mgonjwa akawa namba, na folda ya daktari ikafichwa kabisa kwa asiye na ruhusa. Wakalimani wakapewa paswedi yao, ya kuona saa na lugha tu. Kumbe kazi yote hiyo ilikuwa ya asubuhi moja! Mkuu akasema mambo yamekwisha. Mkalimani hakuguswa, na kwa mjane hakwenda mtu kuomba radhi. Nilichukia hadi nikashindwa kula.

Mjane alikuja siku yake ya dawa. Hakuketi. Aliomba karatasi ya kuhamia hospitali ya Mbarara, kule hakuna anayemjua, ingawa nauli hana. Nikamsihi abaki, nikamwelezea namba yake mpya, kwamba sasa hakuna atakayeona kitu.

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Dada, hiyo namba upatie mwingine," akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kivu. "Miye, jina yangu batu bamekwisha kuisoma."