Kimya cha Nyumba ya Kibati

Katika msimu ule wa mvua, Onésime Habiyaremye alipokuwa angali mtoto wa shule ya misheni huko vilimani Masisi, ukungu ulikuwa ukishuka alfajiri na kukaa hadi karibu adhuhuri. Mtu hakuweza kuona ng'ombe hata akiwa hatua chache mbele yake. Baba yake alimfundisha kuchunga kwa masikio. Alimwambia asimame, asiite, asikilize kwanza bonde. Kwani kila bonde lina kimya chake, na kiumbe akiwamo ndani yake kimya kile hakibaki kama kilivyokuwa. Nilikuwa mwalimu wake wakati huo. Asubuhi moja alichelewa, akaingia darasani na miguu iliyolowa, na nilipomuuliza sababu alijibu kwa heshima yote: “Mwalimu, bonde la leo lilikuwa na mutu ndani. Nilimungoja atoke.” Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka, akaenda kukaa mahali pake.

Alipokua aliteremka Goma. Alianza katika redio moja ndogo, akikunja waya na kupanga matangazo ya vifo, kisha vijana wanaotengeneza filamu walipoanza kumtafuta, akawa mtu wa sauti. Walimwita Papa Masikio, na wengine kwa utani walisema kwamba anasikia viazi vikikua shambani. Alivumilia yote. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuinamisha kichwa upande mmoja anapoongea nawe, kana kwamba maneno yako yana kitu kingine nyuma yake.

Mwaka ambao Nyiragongo, mlima wa volkano, ulitema moto na kushuka, miezi michache kabla ya tukio hilo, msichana mmoja mtengenezaji filamu aitwaye Ange alimchukua hadi Kibati, nyumbani kwa familia iliyotoka upande wa Bukavu. Mama wa nyumba ile, ambaye wote walimwita Mama Exaucée kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kwa miaka mingi, naye alikubali kusimulia maisha yake. Nyumba ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi, na paa lake la mabati lililia polepole kila jua lilipotoka na kujificha. Mumewe, Muzee Baharanyi, hakutaka kuonekana. Alikaa kwenye kiti chake nyuma ya mlango, kama alivyokaa siku zote, na pumu yake ikapiga filimbi nyembamba kifuani.

Onésime alirekodi kwa njia mbili. Alimbandika Mama mikro ndogo, yaani kipaza sauti, kifuani, chini ya ukingo wa kitenge, ile ambayo wenyewe huiita mikro-kravati. Na mikononi alishika mti mrefu, yaani perche, wenye mikro nyingine kwenye ncha yake, akaining'iniza juu ya kichwa cha Mama, nje kidogo ya picha. Ile ya kifuani husikia karibu sana: sauti hutoka nene, kavu, bila chumba. Ile ya juu husikia mtu pamoja na kuta zake. Mtu wa sauti mwenye busara hubeba zote mbili, maana hajui ni ipi itakayomwangusha.

Siku hiyo zote mbili zilimwangusha kwa zamu. Rozari ya Mama iligonga mikro ya kifuani kila alipochangamka, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Malori yaliyopanda kuelekea Rutshuru nayo yalimezwa yote na ile ya juu.

Mwishoni, kama kazi inavyodai, Onésime aliomba kimya. Kila chumba hurekodiwa kikiwa kitupu cha maneno, ili mhariri baadaye awe na kitu cha kuziba nyufa kati ya sentensi na sentensi.

“Sasa tunyamaze wote kidogo,” alisema. “Mutu asitikisike.”

Katika nyumba ile, mgeni akisema tunyamaze, maana yake ilikuwa moja tu. Mama alifunga macho. Muzee Baharanyi akavua kofia, akaanza kwa sauti ya kukwaruza: “Kwa jina la Baba, na la Mwana...” Akawaombea wageni, barabara, wagonjwa, wafu wa Bukavu na wafu wa Goma. Ange aliuma midomo asicheke. Onésime hakuzima mashine wala hakumkatiza mzee. Waliposema Amina, jirani alikuwa amewasha redio yake, na jua lilikuwa linazama. Wakaagana.

Kisha mlima ukashuka. Nyumba ya mbao ikafunikwa na mawe ya moto, na pale ilipokuwa pakawa pameinuka, peusi, pasipo alama. Familia ilitoka salama, lakini moyo wa Muzee Baharanyi ulisimama njiani, katika umati uliokuwa ukielekea Sake. Mama Exaucée alihamia kwa binti yake katika mtaa wa Murara, akaishi humo muda usio mrefu, akamfuata mumewe. Filamu ya Ange ilikuwa bado haijakamilika.

Siku za kuondoa matanga ya Mama zilipokaribia, Exaucée alimwendea Onésime. Hakuwa na picha nyingine ya mama yake akisema. “Papa Onésime,” alimwambia, “ninataka jamaa wamusikie kama alikuwa. Basi. Sitaki muziki, sitaki mapambo.”

Onésime akaketi kufanya kazi. Kwanza alijaribu kuzitia mikro zote mbili pamoja kwa nguvu sawa, na sauti ikawa na utupu, kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Kwani sauti hufika kifuani mapema na kwenye mti kwa kuchelewa kidogo, na mbili zisizofika pamoja hulana. Alizisogeza hadi zikalingana. Hata hivyo aliona ni heri kuchagua moja kwa kila sentensi: rozari ilipogonga alichukua ile ya juu, lori lilipopita alichukua ya kifuani, akaipunguza unene wake, akaiongezea ung'avu ambao kitenge kiliufunika. Viwango vikalingana. Akamwita Exaucée.

Exaucée alisikiliza, akakunja uso. “Mama anaingia, anatoka. Neno moja iko hapa kwa sikio yangu, neno lingine iko kule chumbani. Ni kama anatukimbia.”

“Ni ukweli,” alisema Onésime. “Chumba kinakatika. Nitakiziba.”

Lakini angekiziba kwa nini? Chumba chenyewe hakikuwepo tena duniani. Alirekodi kimya cha studio yake, akakitandaza chini ya maneno yote. Mikatiko ikapotea. Exaucée aliporudi, alisikiliza, machozi yakamlengalenga, wala hayakuwa ya furaha.

“Sasa amekaa fasi moja,” alisema. “Lakini haiko kwetu. Papa Onésime, umemuweka mahali gani? Hii ni fasi ya baridi. Ni kama anaongea toka kule alikoenda.”

Maneno hayo yalimtesa Onésime. Aliniambia mwenyewe kwamba kwa siku kadhaa hakuweza kuingia katika chumba chochote bila kujiuliza ni nani aliyetoka. Aliokota vipande vidogo vya kimya kati ya maneno ya Mama, lakini vilikuwa vifupi mno. Hatimaye akakumbuka sala. Akaisikiliza kuanzia mwanzo, na akakuta kitu ambacho siku ile hakukizingatia: kabla ya Amina, baada ya kuwataja wafu, Muzee Baharanyi alikuwa amenyamaza. Alinyamaza muda mrefu, na wote wakamngoja. Redio ya jirani ilikuwa bado haijawashwa. Barabara ilikuwa tupu. Mabati yalilia mara moja, taratibu. Nyumba ya Kibati ilikuwa mle ndani, nzima.

Ila ilikuwa na mtu. Filimbi ile nyembamba ilipanda na kushuka, ikapanda tena.

Alijaribu kuiondoa kwa chombo cha kusafisha sauti, na mabati yakaenda nayo; kilichosalia kilibubujika kama maji. Nyumba na pumzi zilikuwa zimeshonwa pamoja. Ndipo alipomwita Exaucée, safari hii pamoja na shangazi yake, Mama Bulonza, dada wa marehemu mzee.

“Kimya nimekipata,” alisema. “Lakini kuna mutu ndani.”

Aliwasikilizisha. Exaucée alishika meza. “Papa,” alisema.

Mama Bulonza alisimama. “Hapana. Huyo tulimulilia, tukamuzika, matanga yake tukaondoa. Sasa munataka akae tena nyuma ya mulango, filamu nzima? Mutu akishalala, muache alale!”

“Shangazi, Mama aliongea siku gani bila Papa kuwa kwa kiti chake?”

“Na wewe Papa Masikio,” shangazi alimgeukia, “badala ya kusikia walio hai, unachimba makaburi.”

“Mama, mimi ninafuata vile mutasema,” alijibu Onésime. “Nikimutoa, nyumba inaenda naye. Ile baridi inarudi.”

Shangazi aliketi tena. Kisha akasema, kwa hasira bado: “Basi mumuweke chini. Chini kabisa. Asisumbue watu.”

Onésime alimweka chini kabisa. Hakutaka kurudia kipande kilekile mfululizo, kwa kuwa sikio lingekigundua, na pumzi ya marehemu ingekuwa ya mashine. Alikikata vipande vya urefu usiolingana, akavipanga kwa mpangilio mwingine kila mara, akiviunganisha pale pumzi ilipogeuka, kila kimoja kikififia ndani ya kinachofuata. Chini ya sentensi za mikro ya kifuani, zisizo na chumba, aliongeza kimya hicho. Chini ya zile za juu, zilizokuwa na chumba chao tayari, alipunguza. Alifanya hivyo hadi Mama akaacha kuingia na kutoka.

Nami nilikuwepo Murara, kwa mwaliko wa Onésime, walipoionyesha filamu. Tulijaa sebuleni, mapazia yamefungwa, shuka jeupe ukutani. Mama Exaucée alisimulia vitenge vyake na safari zake za meli, na watu walicheka pale alipotaka wacheke. Hakuna aliyejua lolote kuhusu pumzi, isipokuwa wale watatu. Katikati ya simulizi mtu fulani aliingia, akaacha mlango wazi, na upepo wa ziwa ukapita kati yetu. Katika giza nikasikia sauti ya Mama Bulonza, ya kawaida kabisa, yenye kukemea kidogo:

“Exaucée, funga mulango. Hii baridi inamuumiza Papa yako.”

Exaucée aliinuka, akaufunga. Ndipo shangazi alipotambua alichosema. Nilimwona akiweka mkono mdomoni. Hakuna aliyegeuka. Filamu iliendelea, na sisi sote tukawa tunapumua taratibu, kwa namna ya watu wasiotaka kumwamsha mtu.

Kuhusu Onésime yamebaki machache. Mji ulipovurugika tena na wengi wakahama, alikwenda Murara asubuhi moja akiwa na begi lake. Aliomba watu wote watoke nje, na safari hii alieleza vizuri kwamba si kwa sala. Akasimamisha mti wake katikati ya sebule, akarekodi chumba kikiwa kitupu, nyumba hii nayo isije ikapotea bila kimya chake. Kisha alimkabidhi Exaucée kadi ya sauti, akakunja waya, akaenda bandari ndogo ya Kituku, akapanda mtumbwi wa injini uliokuwa ukielekea upande wa Bukavu.