Unga, Maji Baridi na Sala ya Ijumaa

Mikate ina usingizi wake. Unakanda unga, unaufunika, nao unalala na kuvimba polepole, na aliye karibu nao husinzia pia. Miaka yangu katika tanuri la mikate mtaani Bel-Air naikumbuka hivyo, yote myeupe, yote yenye joto, kama asubuhi moja ndefu isiyokwisha.

Mimi ndiye niliyekanda, na nilikuwa Mwislamu pekee pale. Kila Ijumaa, wakati wa sala, unga wangu ulikuwa ukiumuka nami nikiulinda. Nilikosa Ijumaa moja, ya pili, kisha nikaacha kuhesabu, na huko kuacha kuhesabu ndiko kulikoniogopesha. Wiki nzima niliandika ujumbe kwa mwenye tanuri na kuufuta, maana nina kiburi, sipendi kuomba. Mwishowe nikautuma:

"Mama, vendredi naomba kutoka saa sita mpaka saa saba na nusu, niende kusali. Asubui nitafika saa nzima mbele ya bengine. Nitakanda na maji ya baridi, levure ya kuvimbisha unga kidogo tu, mukate itapanda polepole. Hakuna muntu atafanya kazi yangu."

Mama huyo, Mkristo mfanyabiashara kutoka Kivu, alijibu: "Tujaribu vendredi moja. Kama mukate iko mubaya, tunarudia programme ya zamani."

Mwokaji wetu, aliyenizidi umri, alichungulia simu yangu kutoka nyuma, akasoma jibu. "Mungu yako iko na programme," akasema. Nilimnunia siku tatu.

Ijumaa ikafika na jua kali la Oktoba. Msikitini nilisujudu, na amani ikanishukia. Kwa kitambo kidogo nilihisi sina mwili. Halafu joto la zulia likanigusa paji la uso, nikajua maji yangu ya baridi hayatashinda hali ya hewa ile. Imamu alipotoa salamu, nikarudi mbio.

Unga haukuwa umefurika. Mwokaji alikuwa amelowesha magunia, akayatandaza juu ya mabeseni, na kila yakipata joto anayalowesha tena. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Tukaoka, na mikate ikatoka myepesi, mizuri.

"Asante, yaya," nikasema, kama mdogo amwitavyo kaka yake mkubwa.

Hakuniangalia. "Ile message, uniandikie na miye. Niko mu chorale, naimba ku kanisa, lakini kila dimanche niko hapa ku four, naoka. Banaanza kunisahau."

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka minne. Jumapili ilikuwa siku yangu ya kupumzika; nilikuwa nikilala nyumbani Naviundu hadi jua lipande, naye akikanda na kuoka peke yake. Sikuwahi kumuuliza anakosa nini. Niliona haya, haya ya kweli, ya kuinamisha kichwa.

Nikafuta unga mikononi, nikaandika: "Mama, dimanche asubui miye njo nitakuja mu nafasi ya yaya."